Karatasi Moja, Saa Tatu Usiku

Kwa mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani wa kidato cha nne huanza mbali na chumba cha mtihani. Mwenzake wa bweni anaamka, ananawa uso, anavuka uwanja na kuingia darasani. Huyu wa kujitegemea kituo chake kiko shule asiyoizoea, upande wa pili wa jiji, na hakuna mwalimu wa zamu wa kumgongea mlango.

Tumchukue dada anayekaa Kimara, Dar es Salaam, mchana anauza duka. Kituo chake kiko Upanga. Kesho ni Hesabu, saa mbili kamili asubuhi. Ni Novemba, na vuli haijaisha.

Akiwa na busara, kabla ya kufungua daftari atahesabu saa kwa kurudi nyuma. Anataka kuwa getini saa moja na robo, apate muda wa kutafuta chumba chake na namba yake ya meza. Mwendokasi kutoka Kimara hadi mjini, pamoja na foleni ya kituoni na kutembea hadi Upanga, ampe saa moja na nusu. Basi atoke nyumbani saa kumi na moja na dakika arobaini na tano, aamke saa kumi na dakika arobaini na tano. Akitaka usingizi wa saa saba, awe amelala saa tatu na dakika arobaini na tano usiku. Kwa hiyo daftari lifungwe saa tatu. Duka analifunga saa kumi na mbili jioni, akila na kuoga ni saa moja na nusu. Amebaki na saa moja na nusu ya kusoma, basi.

Hiyo saa moja na nusu aitumieje? Wengi hufungua mada waliyoikwepa mwaka mzima. Hapo ndipo usiku unapoharibika. Mada mpya haiwezi kueleweka kwa dakika tisini, lakini inatosha kuchanganya kanuni zilizokwisha kukaa sawa, na kumtia hofu kwamba hajui lolote. Kusoma tena na tena daftari zima nako kunadanganya: macho yakishaizoea kurasa, mtu hudhani anaijua, kumbe anaitambua tu akiiona.

Achukue karatasi moja tupu. Daftari likiwa limefungwa, aandike kanuni zote anazozikumbuka, kisha afungue na kusahihisha. Mfano ni ile mada ya dunia kama tufe. Umbali kati ya miji miwili iliyo kwenye latitudo moja ni θ/360 × 2πR × cos α, ambapo θ ni tofauti ya longitudo na α ni hiyo latitudo. Wengi huisahau ile kosaini. Ajipe swali fupi: latitudo 60°, tofauti ya longitudo 30°, R kilomita 6400, π 3.14. Mzingo wa dunia kwa hesabu hiyo ni kilomita 40,192. Sehemu yake ya kumi na mbili ni kama 3,349. Na kosaini ya 60° ni nusu, kwa hiyo jibu ni kama kilomita 1,675. Akipata 3,349 anajua papo hapo kosa liko wapi, na hiyo kanuni anaiwekea duara kwenye karatasi yake. Ikifika saa tatu, karatasi ina duara nne au tano. Hizo ndizo za kupitia asubuhi, na nyingine aziache.

Kuhusu kukesha, kuna jaribio dogo la mwaka 1924 ambalo bado linatajwa. Jenkins na Dallenbach, wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, waliwapa wanafunzi wawili orodha za silabi kumi zisizo na maana wazikariri. Waliporudi kuulizwa baada ya saa nane za usingizi, walikumbuka kama nusu. Baada ya saa nane za kukaa macho na shughuli zao, ilibaki kama moja tu. Watu wawili ni wachache, lakini tafiti nyingi zilizofuata zimeelekea hukohuko: ubongo huhifadhi kilichosomwa wakati mwili umelala. Anayepiga msuli hadi saa tisa usiku anakata muda wa kuhifadhi ili aongeze mzigo. Kahawa nayo ihesabiwe. Kafeini hupungua kwa nusu katika muda wa saa tano hivi, kwa hiyo kikombe cha saa mbili usiku bado kina nusu yake mwilini saa saba. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu hali ni hiyohiyo.

Simu izimwe data saa tatu hiyohiyo. Usiku wa kuamkia Hesabu hakosekani wa kutuma picha akidai pepa imevuja. Nyingi ni uongo unaouzwa, na ikiwa kweli, mtu anahatarisha matokeo yake kufutwa.

Vifaa viwekwe mezani kabla ya kulala: kalamu mbili za bluu au nyeusi, penseli iliyochongwa kwa ajili ya michoro, kifutio, rula, bikari, na namba ya mtihani iliyoandikwa vizuri. Namba ya mtahiniwa wa kujitegemea huanza na P, si S, na itaandikwa kwenye kila ukurasa wa kijitabu cha majibu. Kitambulisho na ruhusa ya kikokotoo vifuate maelekezo ya kituo. Hayo yaulizwe mapema, si asubuhi getini. Mkebe wa hesabu ufunguliwe: mingine huuzwa na kikaratasi cha jedwali ndani, nacho msimamizi anaweza kukihesabu kuwa ni kibuti. Kiondolewe. Nauli iwe ya chenji. Umeme wa LUKU utazamwe usije ukakatika simu ikiwa haijachajiwa, na jirani aombwe agonge mlango, maana kengele moja haitoshi.

Linalobaki ni barabara. Njia ijaribiwe wiki iliyotangulia, siku ya kazi, saa ileile. Jaribio la Jumapili hudanganya. Mvua kubwa ikinyesha, Jangwani hujaa na mwendokasi husimama, kwa hiyo dada wa Kimara anahitaji njia ya pili kichwani: ashuke Ubungo, apande daladala ya Mwenge, kisha ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi hadi Daraja la Salender na Upanga. Njia hiyo ni ndefu. Akisikia mvua ikipiga bati usiku kucha, atoke saa kumi na moja, asingoje kuthibitisha.

Chakula kisiwe na ugeni wowote. Usiku wali na maharage kama kawaida yake, asubuhi uji au chai na chapati, yai likiwepo. Aliyezoea chai anywe chai yake, kwani kuikosa ghafla kunaweza kuleta kichwa kuuma. Supu nzito ya kituoni na kachumbari ya jana aviache. Maji yawe glasi moja, na choo kabla ya kuingia, maana karatasi ni ya saa tatu.

Ndani ya basi anazisoma zile duara tu. Hapa kusoma upesi kunafaa, kwa sababu kinachotakiwa ni kudumu muda mfupi tu. Getini simu anamwachia ndugu aliyemsindikiza au, bora zaidi, imebaki nyumbani. Karatasi anaikunja na kuitupa kwenye pipa, kisha anapapasa mifuko yote miwili ya sketi na wa koti, asije akaingia na kipande alichokisahau. Ikitangazwa waanze, anafungua ukurasa wa mwisho wa kijitabu na kuandika θ/360 × 2πR × cos α, atakayoikata kwa mstari baadaye, kisha ndipo anarudi swali la kwanza.