Je, Wajua? Flashi au DVD kwa Kompyuta ya Zamani

Je, wajua kwamba kompyuta ya mwaka 1998 inaweza kuwaka kutoka kwenye CD lakini isiitambue flashi hata kidogo? Utaratibu wa kuwasha kompyuta kwa CD, uitwao El Torito, ulitungwa na kampuni za Phoenix na IBM mwaka 1995, na DVD ikaurithi. Flashi ziliingia sokoni mwaka 2000, na BIOS zikachukua miaka kadhaa kuzizoea. Mashine za kabla ya 2004 hivi ni za kubahatisha. Za kuanzia 2007, kama Dell OptiPlex 755 ambazo bado ziko kwenye ofisi nyingi, huikubali flashi bila shida: unaichomeka, unawasha, unagonga F12, unachagua `USB Device`.

Je, wajua kwamba BIOS nyingi za zamani huihesabu flashi kuwa ni diski kuu? Ndiyo maana mtu anaingia kwenye mpangilio wa kuwasha, anaona CD na diski, haoni flashi popote, anakata tamaa. Zima kompyuta, chomeka flashi kwanza, kisha washa na uingie BIOS. Tafuta sehemu iliyoandikwa `Hard Disk Boot Priority` au `Hard Disk Drives`. Humo utaikuta flashi yako chini ya diski kuu. Ipandishe iwe ya kwanza, hifadhi, toka. Tumia tundu la nyuma, lililo kwenye bodi yenyewe, kwa sababu matundu ya mbele hupitia waya ambao kwenye mashine kongwe mara nyingi umelegea.

Je, wajua kwamba DVD ya GB 4.7 haipokei faili ambalo Windows inaonyesha kuwa lina GB 4.5? Mtengenezaji huhesabu baiti bilioni 4.7, Windows huhesabu kwa mafungu ya 1,024, na kwa hesabu hiyo DVD hiyo hiyo ina GB 4.37 tu. ISO ya Windows 10 toleo la 22H2 inayopakuliwa moja kwa moja imepita GB 5, kwa hiyo inataka DVD ya tabaka mbili ya GB 8.5, ambayo draivu nyingi kuukuu huisoma kwa tabu. Hapo flashi ya GB 8 inamaliza ubishi.

Na kabla ya kuchoma chochote, soma maandishi yaliyo kwenye mlango wa draivu. Kama hakuna nembo ya DVD, hiyo ni draivu ya CD tu na haitasoma DVD kamwe, hata ukiisafisha lenzi mara kumi. Kwa mashine kama hiyo kuna ISO ndogo ya Debian iitwayo netinst: ile ya Debian 12 inaenea kwenye CD ya MB 700, halafu mengine inayavuta kwenye intaneti.

Je, wajua kwamba flashi inaweza kuwa ya polepole kuliko DVD? Chukua ISO ya Linux Mint Xfce, ambayo ni kama GB 3. Kwenye tundu la USB 2.0, flashi ya kawaida inayosoma MB 25 kwa sekunde huipitia yote kwa dakika 2. DVD inayosoma kwa kasi ya 8x hutoa kama MB 11 kwa sekunde, yaani dakika 4 na nusu kwenye karatasi. Kwa kweli huchukua muda mrefu zaidi, maana programu ya kusakinisha huokota vipande huku na huko na kila mara lenzi lazima isogee. Lakini kwenye tundu la USB 1.1, ambalo kwa vitendo hupitisha kama MB 1 kwa sekunde, flashi ile ile itakuweka dakika 50.

Sasa, wapo wanaoteseka na kasi hiyo ya USB 1.1 wakati mashine yao ina USB 2.0. Kwenye baadhi ya BIOS kuna kipengele kinachoitwa `USB 2.0 Controller Mode`, chenye chaguo mbili: `FullSpeed` na `HiSpeed`. Jina la kwanza linadanganya. `FullSpeed` ndiyo ile ya megabiti 12 kwa sekunde, na `HiSpeed` ni ya megabiti 480. Nimeona mafundi wazuri wakiilaumu flashi kwa kosa la mstari huu mmoja.

Je, wajua kwamba kunakili faili la ISO kwenye flashi kama unavyonakili wimbo hakusaidii kitu? BIOS husoma baiti 512 za mwanzo kabisa wa flashi ikitafuta maelekezo ya kuanzia, na kunakili faili hakugusi sehemu hiyo. Tumia programu ya kuandikia, kama Rufus, na kwa kompyuta ya zamani hakikisha `Partition scheme` ni `MBR`, na chini yake pasomeke `BIOS (or UEFI-CSM)`. Ukiacha `GPT`, flashi itawaka vizuri kwenye laptopu yako mpya na kukataa kwenye mashine unayoitengeneza.

Je, wajua kwamba kuna kosa ambalo flashi na DVD hazihusiki nalo? Ukiona maneno haya, acha kuchoma diski nyingine:

```
This kernel requires an x86-64 CPU, but only detected an i686 CPU.
```

Umeleta mfumo wa biti 64 kwenye prosesa ya biti 32. Mashine za namna hiyo zipelekee Debian 12 ya i386, kwa kuwa Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi chake.

Je, wajua, mwisho, kwamba DVD ina faida moja ambayo flashi haina? Kwa kuwa BIOS inaihesabu flashi kuwa diski, programu ya kusakinisha Linux nayo inaweza kuiona kuwa diski ya kwanza, `/dev/sda`, na diski kuu ikawa `/dev/sdb`. Usipoangalia, GRUB, kile kipande kinachoanzisha mfumo, huandikwa kwenye flashi. Kila kitu kinamalizika vizuri, kompyuta inawaka, unafurahi. Ukichomoa flashi, inalalamika kwamba haina pa kuwakia. Ukiirudisha, inawaka tena. Hiyo ndiyo dalili, na haina haja ya kusakinisha upya. DVD haikuletei kisa hiki kwa sababu GRUB haina pa kujiandika humo.

Dawa yake ni kuwasha kompyuta flashi ikiwa imechomekwa, kuingia kwenye mfumo mpya, na kuandika `lsblk` ili utambue diski kuu kwa ukubwa wake. Tuseme diski yako ni ya GB 160 na imeorodheshwa kama `sdb`:

```
sudo grub-install /dev/sdb
sudo update-grub
```

Zima, chomoa flashi, rudisha diski kuu mbele kwenye `Hard Disk Boot Priority`, kisha washa.