Puto Linapopanda Angani

Puto la hali ya hewa huachiwa likiwa limelegea, na anayeliona mara ya kwanza hudhani gesi haikutosha. Hesabu itamjibu. Tuseme chini lina mita za ujazo 2, kanieneo ni kilopaskali 100 na halijoto nyuzi 27 za selsiasi. Kilomita 12 hivi juu, kanieneo hushuka hadi kama 20, na halijoto hadi nyuzi 53 chini ya sifuri.

Kwanza ongeza 273 kwenye kila halijoto: 27 inakuwa kelvini 300, na −53 inakuwa 220. Kisha tumia P₁V₁/T₁ = P₂V₂/T₂. Kanieneo imepungua mara tano, hivyo peke yake ingelikuza puto hadi mita za ujazo 10; hiyo ndiyo kanuni ya Boyle. Lakini baridi husinyaza gesi: 10 × 220 ÷ 300 ni takriban 7.3.

Aliyesahau kelvini atapata ujazo hasi, kosa linalojianika lenyewe. La hatari ni pale halijoto zote zinapokuwa juu ya sifuri: jibu bovu hupita kimyakimya. Na puto likivuja, kanuni hii haifai tena.