Bima Inaposema "Anza na Dawa ya Bei Nafuu"

Mgonjwa anayeishi Marekani hukutana na jambo hili kwenye kaunta ya duka la dawa. Daktari ameshatuma agizo kwa kompyuta, mgonjwa amefika kuchukua dawa yake, na mfamasia anamwambia kuwa bima imekataa kulipa. Kwenye skrini ya mfamasia kuna namba inayoeleza sababu. Ikiwa ni 75, dawa hiyo inahitaji idhini ya awali, yaani daktari lazima aombe ruhusa na kueleza kwa nini anaitaka. Ikiwa ni 608, hiyo ni tiba ya ngazi: kampuni inataka mgonjwa atumie kwanza dawa nyingine ya bei ya chini, na ile aliyoandikiwa italipiwa tu hiyo ya kwanza ikishindwa. Muulize mfamasia ni ipi kati ya hizo. Wengi huondoka pale wakiamini dawa yao haimo kabisa kwenye bima, na hapo ndipo safari yao inapoishia.

Ili tuelewane vizuri, tuchukue ugonjwa mmoja ambao wagonjwa wake hukutana sana na masharti haya: baridi yabisi ya viungo, ile ambayo kingamwili za mtu hushambulia viungo vyake mwenyewe, vidole vikavimba na kukakamaa kila asubuhi. Dawa ya kwanza ni methotreksati, kidonge cha zamani cha bei ndogo. Ikishindwa, daktari huweza kuandika sindano kama adalimumabu, ambayo wengi huijua kwa jina la Humira. Mwaka 2023 bei iliyotangazwa ya Humira Marekani ilikuwa karibu dola 7,000 kwa mwezi. Mwaka huohuo sindano za kampuni nyingine zinazofanana nayo zilianza kuuzwa huko, na baadhi zina bei ya chini sana, lakini nazo mara nyingi hazitolewi bila idhini.

Nisiifiche haki ya upande wa pili. Kuanza na methotreksati si ujanja wa bima peke yake. Madaktari wa viungo wenyewe, katika mwongozo wa chama chao cha Marekani wa mwaka 2021, wanaiweka mbele kwa wagonjwa wengi, na wako wanaopona maumivu kwa hiyo tu. Kwa hiyo ngazi ya kwanza nina amani nayo. Ninacholaumu ni pale kampuni inapodai ngazi ya pili na ya tatu, au inapomrudisha mtu kwenye dawa aliyokwisha kuishindwa, huku viungo vyake vikiendelea kulika. Mfupa uliolika haurudi, na uharibifu mkubwa unaweza kutokea katika miaka miwili ya kwanza ya ugonjwa.

Kwa nini kampuni imrudishe mtu kwenye dawa iliyokwisha kumshinda? Kwa sababu kompyuta yake huona dawa zile tu ilizozilipia yenyewe. Dawa uliyonunua kwa fedha taslimu haipo. Dawa uliyolipiwa na bima ya mwajiri wa zamani haipo. Na dawa uliyotumia Mombasa, Kigali au Bukavu kabla ya kuhama haipo kabisa. Kwa watu wetu wa Afrika Mashariki hili ndilo kiini cha mambo yote.

Nitoe mfano wa kubuni, lakini wenye hatua zilezile wanazopitia watu. Mama mwenye miaka 44 anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee jimboni Ohio. Aligundulika na baridi yabisi akiwa Mombasa, akapewa methotreksati miligramu 15 kwa wiki pamoja na haidroksiklorokwini. Alitumia miezi saba. Vipimo vya damu vikaonyesha ini limeanza kuumia, daktari akaisimamisha. Ohio, daktari wa viungo anamwandikia adalimumabu, na kaunta inatoa 608. Kampuni inataka aonyeshe miezi mitatu ya methotreksati na miezi mitatu ya dawa nyingine ya kumeza.

Ombi la kwanza la kliniki lina mstari mmoja: mgonjwa ameshindwa methotreksati. Linakataliwa. Yule anayesoma ombi hana pa kulishika, maana halisemi dozi gani, kwa muda gani, wala alishindwa vipi. Mama anapiga simu kwa mpwa wake Mombasa.

"Shangazi, nitafute nini hasa?"

"Nenda hospitali, mwanangu, uwaombe nakala ya faili langu. Nataka karatasi za vipimo vya ini zenye tarehe, na kile kitabu cha dawa. Piga picha kila ukurasa, usiruke."

Hizo picha ndizo zinazobadilisha kesi. Barua ya pili ya daktari inasema: methotreksati miligramu 15 kwa wiki pamoja na asidi ya foliki, kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani, ilisimamishwa kwa sababu vimeng'enya vya ini vilipanda mara tatu ya kiwango cha kawaida, na matokeo ya maabara yameambatanishwa. Haidroksiklorokwini ilitumika miezi hiyohiyo bila nafuu ya kutosha. Leo viungo tisa vimevimba, kumi na moja vinauma vikibonyezwa, na picha ya eksirei inaonyesha mfupa wa kidole umeanza kulika. Barua inamalizia kwa kujibu masharti ya kampuni moja baada ya jingine, kwa mpangilio uleule ambao kampuni yenyewe iliyaandika.

Masharti hayo unaweza kuyapata. Barua ya kukataliwa lazima itaje sababu, na una haki ya kuomba bure nakala ya kanuni waliyoitumia kukukatalia. Omba siku hiyohiyo, kisha mpelekee daktari wako. Usimwachie yeye kubahatisha wanachotaka.

Kuna sababu nyingine zinazokubalika mbali na "nilishaitumia ikashindwa". Sheria za majimbo mengi, na fomu nyingi za bima, hutambua kwamba dawa inayodaiwa inaweza kumdhuru mgonjwa, au haitarajiwi kumsaidia, au kwamba tayari ametulia kwenye dawa anayotumia sasa. Mwanamke anayetaka kushika mimba hapaswi kupewa methotreksati wala leflunomidi, kwani zote mbili huhatarisha mtoto tumboni. Mwenye mzio wa dawa za salfa hapewi sulfasalazini. Lakini lazima iandikwe kwenye faili. Ukimwambia daktari kwa mdomo kuwa kidonge kinakutapisha, na yeye asiandike, kwa bima hukutapika. Tahadhari pia na sampuli za bure unazopewa kliniki: kampuni nyingi hazizihesabu kama ushahidi kwamba umetulia kwenye dawa hiyo.

Na ikiwa kweli hujawahi kutumia dawa ya ngazi ya kwanza, na hakuna sababu ya kuikwepa, itumie vizuri ili jaribio lihesabike. Methotreksati humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kuimeza kila siku kwa makosa kumeua watu. Huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, na majaribio mengi hupimwa kwa miezi mitatu. Ukiiacha wiki ya nne bila kumwambia mtu, huenda ukaambiwa uanze upya. Chukua dawa kila mwezi kwa kutumia bima, hata kama bei ya taslimu ni ndogo zaidi, ili rekodi ibaki kwao. Andika kwenye daftari siku ulizomeza, uvimbe ulioona, na dakika ngapi vidole hukakamaa asubuhi.

Katika kipindi hicho usikae bure. Kabla ya sindano kama adalimumabu lazima upimwe kifua kikuu kilichojificha, pamoja na homa ya ini aina ya B. Waliochanjwa BCG utotoni, yaani karibu sisi sote, waombe kipimo cha damu badala ya kile cha kuchomwa mkononi, kwa sababu chanjo hiyo huweza kufanya kipimo cha ngozi kionyeshe ugonjwa usiokuwepo. Ikionekana kweli unacho, kwa kawaida hutibiwa angalau mwezi mmoja kabla ya kuanza sindano. Afadhali mwezi huo upite sasa kuliko baada ya idhini kutoka.

Kama ombi limekataliwa, kwanza daktari wako anaweza kuomba kuzungumza kwa simu na daktari wa kampuni. Mazungumzo hayo mafupi hufungua milango mingi. Kisha kuna rufaa. Shirika la utafiti wa afya la KFF liliangalia mipango ya Medicare Advantage ya mwaka 2023 na kukuta kuwa zaidi ya asilimia 80 ya rufaa za kunyimwa idhini zilibadilisha uamuzi, wote au sehemu. Waliokata rufaa walikuwa karibu asilimia 12 tu. Takwimu hizo si za dawa peke yake, lakini zinaonyesha ni wangapi wanaokubali jibu la kwanza bila sababu.

Muda hutegemea aina ya bima. Kwa bima binafsi zinazonunuliwa kwenye soko la serikali, ombi la kuondolewa sharti la dawa hujibiwa ndani ya saa 72, au saa 24 daktari akieleza kuwa ni la dharura. Muda huo ni uleule kwa dawa za Medicare. Medicaid hutakiwa kujibu ombi la idhini ya dawa ndani ya saa 24, na wakati wa dharura duka linaweza kukupa dawa ya saa 72 wakati unasubiri. Kwa bima nyingi za kazini una siku 180 za kukata rufaa ya ndani. Muulize pia ofisa rasilimali watu kama mwajiri analipia matibabu kwa fedha zake mwenyewe, kwa sababu sheria za jimbo kuhusu tiba ya ngazi haziifikii mipango ya namna hiyo. Ipo chini ya sheria ya shirikisho.

Yule mama wa Ohio alipata idhini ya miezi 12. Idhini huisha, na ili ifanywe upya daktari lazima aonyeshe kuwa sindano imesaidia, kwa hiyo ahadi na daktari iwekwe mwezi mmoja au miwili kabla. Mwajiri akibadilisha bima mwezi wa Januari, faili lilelile la Mombasa litahitajika tena. Liweke kwenye simu yako, na nakala kwa mtu unayemwamini.

Ukipiga simu kwa bima na Kiingereza kinakusumbua, sema "Swahili" na usubiri mkalimani. Kampuni nyingi zinalazimika kukupa bure. Andika tarehe, jina la aliyepokea, na namba ya simu hiyo kwenye kumbukumbu zao. Rufaa ya ndani ikishindwa, una miezi minne kuomba ukaguzi wa nje, unaofanywa na watu wasiokuwa waajiriwa wa kampuni. Wakisema dawa ilipiwe, kampuni lazima ilipe.