Chuma Baada ya Arobaini: Seti Sita Badala ya Kumi na Nane

Mtu aliyezoea chuma tangu ujana, akishavuka miaka arobaini, mara nyingi si misuli inayomkwamisha. Misuli bado inaitikia mazoezi vizuri. Kinachomsumbua ni bega linalochoma anapovaa shati, goti linalouma kwenye ngazi, kiwiko kisichotaka kufungua kifuniko cha chupa. Msuli una damu nyingi, na baada ya mazoezi ya kawaida huwa umejirekebisha ndani ya siku mbili au tatu. Kano, yaani kamba zinazoushikiza msuli kwenye mfupa, zina damu kidogo na hujirekebisha polepole, na umri unavyosonga ndivyo zinavyozidi kuwa nzito kupona. Ndiyo maana Alhamisi mtu anajiona yuko tayari kabisa kubeba, ilhali kano zake bado ziko kwenye kazi ya Jumatatu.

Chukua mfano wa mhasibu mmoja wa Dar es Salaam, miaka 46, kilo 78. Alikuwa akienda jimu siku tano kwa wiki, kila siku na sehemu yake ya mwili, kama alivyofundishwa na wenzake alipokuwa kijana. Jumatatu ilikuwa ya kifua: benchi la kulala, benchi la mwinuko, kisha dambeli za kufungua mikono, jumla seti 18. Nyingi alizifikisha mwisho kabisa, mpaka mwenzake amsaidie kurudisha baa. Bega la kulia lilianza kuuma kila baa ilipokaribia kifua. Akawa anapaka dawa ya kuchua na kuendelea.

Kitu cha kwanza tulichobadilisha ni hesabu. Tuliacha kuhesabu siku za jimu tukahesabu seti ngumu. Seti za kupasha mwili hazimo. Seti ngumu ni ile unayoiacha ukiwa umebakiza nguvu ya kuinua mara mbili zaidi, au tatu. Utaijua kwa mwendo wa chuma: unasukuma kwa nguvu ileile, lakini dambeli inapanda taratibu kuliko mwanzo, huku mgongo na mabega bado yamekaa mahali pake. Hapo weka chini. Marudio mawili ya mwisho, yale ya kukunja uso na kujinyonganyonga, yanakuongezea kidogo sana, na gharama yake unailipa siku mbili zinazofuata.

Kifua chake kilibaki na seti sita kwa wiki, tatu Jumatatu na tatu Alhamisi. "Kocha, mbona unanipunja?" aliuliza, na swali lake lilikuwa la haki. Jibu ni kwamba seti chache za kwanza ndizo zinazoleta sehemu kubwa ya faida. Kila unayoongeza inaleta kidogo kuliko iliyotangulia, lakini uchovu haupungui hivyo. Kwa mtu mwenye miaka mingi ya chuma, seti sita hadi kumi kwa kila sehemu kubwa ya mwili, zikigawanywa siku mbili na kufanywa kwa umakini, zinatosha kulinda misuli na kuijenga. Kuanzia chini ni busara zaidi, kwa sababu kuongeza ni rahisi kuliko kutibu bega.

Jumatatu alifanya mazoezi manne. Kuchuchumaa mpaka kugusa benchi huku ameshika dambeli moja kifuani, kusukuma dambeli akiwa amelala sakafuni, kuvuta dambeli kwa mkono mmoja huku mwingine umeegemea benchi, na kutembea amebeba dambeli nzito mikononi. Alhamisi aliinama kutoka nyongani na kuinua baa iliyoanzia juu ya viegemeo, usawa wa chini ya goti kidogo, akapiga pushapu mikono ikiwa juu ya benchi, akavuta kebo kutoka juu viganja vikimtazama, na kupiga hatua za kurudi nyuma. Kila zoezi seti mbili au tatu, marudio 8 hadi 12, na mapumziko ya dakika mbili au tatu katikati. Jumamosi ilikuwa ya kutembea kwa kasi dakika 40, bila chuma.

Kwa nini sakafuni? Ukilala kwenye benchi na baa, viganja vimefungwa mahali pamoja na viwiko hushuka chini ya usawa wa mwili. Katika sehemu ile ya chini kabisa, mbele ya bega hunyooshwa sana huku likiwa limebeba mzigo wote, na bega lililokwisha kuchoka huumia hapohapo. Sakafuni, mkono wa juu unagusa chini kabla bega halijafika huko. Dambeli nazo zinaruhusu viganja vitazamane na viwiko visogee karibu na mbavu. Shusha kwa kuhesabu hadi tatu, tulia kidogo mikono ikiwa imegusa sakafu, kisha sukuma. Yeye aliyekuwa akisukuma baa ya kilo 90 alianza na dambeli za kilo 20 kila mkono, na kwa mwendo huo kumi za kwanza zilimtosha. Uzito mwepesi nao hujenga msuli, mradi seti ifike karibu na kuchoka. Hili ni muhimu hasa kwa jimu za mtaani zenye makopo ya saruji, ambako huwezi kuongeza kilo mbili tu. Huko unaongeza marudio na kushusha polepole zaidi.

Kupima kama mwili umepona hakuhitaji mashine. Weka daftari. Kama wiki iliyopita dambeli za kilo 20 zilipanda mara 11 na leo zinagoma kwenye 8 na mbinu ni ileile, mwili haujarudi: fanya nusu ya seti, nenda nyumbani, na uangalie ulilala saa ngapi. Maumivu ya kiungo yapime kesho yake asubuhi. Usumbufu mdogo wakati wa zoezi unaovumilika na kuisha kufikia asubuhi unaruhusiwa. Kama kiungo kinauma zaidi asubuhi kuliko jana, zoezi lilikuwa zito mno, refu mno, au halikufai. Ukakamavu wa msuli ni jambo tofauti: umeenea pande zote mbili na hulegea ukitembea, wakati maumivu ya kano yana mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole kimoja. Kila wiki ya sita, kata seti kwa nusu na uzito ubaki uleule, hata kama unajisikia vizuri.

Protini ya gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili ni lengo zuri, kwake kama gramu 125 kwa siku, isipokuwa daktari amekuzuia kwa ajili ya figo. Chai na chapati asubuhi hazikufikishi huko. Mayai, maharage, dagaa na maziwa, yakigawanywa katika milo yote, yanakufikisha.

Pima presha ya damu kabla ya kuanza. Kubana pumzi huku unasukuma kunaipandisha ghafla, kwa hiyo toa pumzi chuma kinapopanda. Na usingojee wiki nne kuona kama kitapona, kiungo kikivimba, kikiuma usiku ukiwa umelala, au kikikuachia ganzi mkononi au mguuni: nenda hospitali kwanza.

Wiki ya nane mhasibu alikuwa kwenye dambeli za kilo 27.5, bega likiwa kimya. Tulimwongezea seti moja ya kifua Alhamisi, ikawa saba, na tukakubaliana kuangalia daftari kwa mwezi mmoja kabla ya kugusa kitu kingine. Baa ya benchi tumeiacha kando kwa sasa.