Fedha za Sanduku Zitiwe Katika Biashara Gani?

Desturi ya kina mama kuweka akiba pamoja si ngeni katika pwani yetu. Bibi zetu waliujua upatu, na hata leo upatu haujafa. Pamoja na huo limekuja sanduku, ambalo mtindo wake ulianzishwa na shirika la CARE mwaka 1991 katika jimbo la Maradi, nchi ya Nijeri, kisha ukaenea hata ukafika Tanzania na visiwa vyetu. Kila juma kila mwanachama hutia fedha yake mbele ya wenziwe. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake huwekwa na watu watatu mbalimbali, hata hapana mmoja awezaye kulifungua peke yake.

Lakini hapo ndipo inapozuka shida ya Mwislamu. Aghalabu fedha za sanduku hukopeshwa wanachama kwa sharti kwamba kila mwezi alipe na ziada juu yake. Ziada hiyo ikiwa ni sharti ya mkopo, basi ni riba, hata ikiitwa ada au malipo ya huduma. Kwa sababu hiyo vikundi vingine hukopeshana bila ya ziada, na zile fedha wanazotaka zikue huzitia katika biashara moja iliyo mali ya wote. Uamuzi huo ni mwema, ila una hatari yake. Mkopo mbaya humpoteza mtu mmoja, na biashara mbaya hulipoteza sanduku zima.

Basi tuwafikirie, kwa mfano, wanawake ishirini wa kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja. Kila mmoja ametia shilingi 2,000 kila juma kwa majuma arubaini, na jumla yao imekuwa shilingi 1,600,000. Wamekutana alasiri barazani kwa mmoja wao kuchagua biashara, na shauri zilizoletwa ni tatu: kuoka mikate na maandazi, kufuga kuku wa mayai, na kutengeneza sabuni. Bei tutakazozitaja hapa ni za mfano, na kila mtu atie bei za mji wake. Njia ya kuhesabu ndiyo tunayotaka ishikwe.

Shauri la mikate lilianguka mapema, tena si kwa kuwa mikate haiuziki. Mama mmoja mtu mzima aliuliza, "Ni wangapi kati yetu wauzao maandazi asubuhi?" Mikono saba ikainuka. Akasema, "Basi sanduku litashindana na nani, wanangu, kama si na hawa saba waliolijaza?" Neno hilo ni la kushikwa sana. Biashara ya shirika isiwe ile ambayo baadhi ya wanachama wanaila kila siku majumbani mwao, kwani itawapunguzia riziki yao, na baada ya miezi michache watashindwa kutia fedha sandukuni.

Shauri la kuku lilipendwa na wengi. Watu wanakula mayai kila siku, na mahoteli ya pwani yananunua. Msichana mmoja aliyesoma hesabu akatwaa daftari akaandika. Vifaranga mia moja kwa shilingi 3,000 kila mmoja ni 300,000. Kuku wa mayai huanza kutaga apatapo majuma kumi na nane hata ishirini, na mpaka hapo atakuwa amekula yapata kilo saba za chakula. Kwa kuku mia moja ni kilo 700, na kwa shilingi 1,300 kila kilo ni 910,000. Tia na chanjo, maranda, vyombo na kutengeneza banda, shilingi 250,000. Jumla ni 1,460,000, na zilizobaki ni 140,000.

Wengi wakafurahi, kwa kuwa fedha zimetosha. Msichana akasema, "Bado, mama zangu. Kuku anayetaga hula gramu 120 kwa siku, na kuku mia moja watataka kilo 12, yaani shilingi 15,600 kila siku. Hizo 140,000 ni chakula cha yapata siku tisa. Nao kuku hawaanzi wote kutaga siku moja. Mayai ya kwanza ni machache na madogo, na majuma kadhaa hupita kabla ya kundi lote kufikia utagaji wake kamili."

Hapo ndipo vikundi vingi huangukia. Wao huhesabu fedha ya kuanza wala hawahesabu fedha ya kungoja. Fedha inapokwisha hupunguza chakula, na kuku aliyepunguziwa chakula hupunguza mayai, na mayai yakipungua hakuna fedha ya kununulia chakula. Tena mtaji wote umo katika banda moja. Ugonjwa wa mdondo ukiingia ambako chanjo haikutolewa kwa wakati wake, na chanjo hiyo hutakiwa irudiwe, waweza kuua karibu kundi zima katika siku chache. Mmoja akashauri waanze na kuku hamsini. Ni kweli gharama ingepungua kwa karibu nusu, lakini kungoja kwa miezi mitano kungebaki vile vile, na hatari ya mdondo ingebaki vile vile.

Ndipo wakaligeukia shauri la sabuni. Wanawake wa pwani ile wamelima mwani tangu kilimo chake cha biashara kilipoanza huko mwaka 1989, na mwani mkavu huuzwa kwa bei ndogo. Ukisagwa ukatiwa katika sabuni ya mafuta ya nazi, bei yake hupanda. Msichana akafungua ukurasa mwingine, akahesabu pishi moja la kilo kumi za mafuta. Mafuta kwa shilingi 7,000 kila kilo ni 70,000. Soda ya kostiki ni 9,000, unga wa mwani na mafuta ya karafuu 7,000, karatasi na nauli 6,000. Jumla ni 92,000. Pishi hilo hutoa vipande 130 hivi vya gramu mia moja vikisha kukauka. Vikiuzwa dukani kwa shilingi 1,000 kila kimoja, zitapatikana 130,000. Zitabaki 38,000.

Yule mama mtu mzima akauliza, "Na mikono je, mwanangu?" Msichana akasita, kwani alikuwa amesahau. Wanawake watatu watafanya kazi, na kila mmoja apewe shilingi 5,000. Basi faida si 38,000 bali ni 23,000. Kazi isiyoandikwa katika hesabu huifanya biashara ionekane nono kuliko ilivyo, na wale waifanyao huchoka baada ya miezi miwili bila ya kusema.

Faida hiyo ni ndogo, wala hapana haja ya kuificha. Ila sabuni ina sifa moja ambayo kuku hawana. Yaweza kujaribiwa kwa shilingi 92,000, na shilingi 1,508,000 zikabaki sandukuni zimelala salama. Sabuni huwekwa kwenye ubao wenye hewa kwa majuma manne au sita ili ikauke na kuwa ngumu, kwa hiyo fedha hurudi kwa muda wa miezi miwili hivi. Ikiharibika, kila mwanachama amepoteza shilingi 4,600, na sanduku halikuanguka.

Juu ya utengenezaji wake kuna mambo matatu yasiyosamehewa. La kwanza, kila kitu kipimwe kwa mizani, si kwa kikombe: kwa kilo moja ya mafuta ya nazi, kostiki gramu 155 na maji gramu 350 hivi. Kostiki ikizidi, sabuni huwasha na kuchubua ngozi, na dalili yake ni madoa meupe makali au matone ya maji juu ya kipande. Sabuni ya namna hiyo isiuzwe. La pili, kostiki ndiyo itiwayo katika maji kidogo kidogo, wala maji yasimwagwe juu ya kostiki, kwani yatachemka ghafula na kuruka usoni. Mikono na macho yafunikwe, na watoto wawe mbali. La tatu, sufuria zetu za alumini zisitumike, kwa sababu kostiki huzila. Itumike ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Na kabla ya kupeleka dukani, Taasisi ya Viwango ya Zanzibar iulizwe masharti yake.

Watajuaje kama sabuni ina soko? Vipande vya kwanza vitanunuliwa na mashangazi na majirani kwa ajili ya mapenzi, na mapenzi hayo si soko. Basi wakaazimia kuvipeleka katika maduka manne, mawili yakiwa nje ya kijiji, na kuhesabu ni maduka mangapi yatakayoagiza mara ya pili. Yakiagiza matatu, watapika mapishi mawili kwa mwezi. Likiagiza moja au lisiagize hata moja, wataacha, na 1,508,000 zitatafutiwa shauri jingine.

Lilibaki jambo la mkataba. Sisi wa pwani hii wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na katika madhehebu hayo faida na hasara ya shirika la mali hufuata kiasi cha mtaji wa kila mmoja. Kwa kuwa hawa ishirini wametia sawasawa, faida itagawanywa mafungu ishirini na hasara vile vile. Hairuhusiwi kumwahidi mmoja wao kiasi maalumu kila mwezi, biashara ipate isipate. Wenye kupika sabuni hawaongezewi fungu la faida. Kazi yao ama itazunguka sawa kwa wote, ama italipwa ujira uliokubaliwa mbele, na jinsi ya kuuandika ujira huo waulizwe wanavyuoni wa mji. Mwanachama akitaka kutoka, mali ihesabiwe, apewe lake. Akifa, fungu lake ni la warithi wake, si la kikundi. Haya yote yaandikwe na kushuhudiwa kabla ya fedha kutoka sandukuni, kwani baada ya faida au hasara kila mtu hukumbuka maneno yake mwenyewe.

Jua lilipokaribia kuchwa, funguo tatu zikatolewa. Zikahesabiwa shilingi 92,000 mbele ya wote, zikaandikwa, na sanduku likafungwa tena. Mmoja aliyekuwa amewapenda sana kuku akasema kwa masikitiko, "Mwaka mzima wa kuweka, na tumetoa hizi tu?" Mama mtu mzima akamjibu, "Hizi, mwanangu, ndizo tuwezazo kuzipoteza na bado tukakutana juma lijalo."