Kupepeta Mwanga wa Mshtarii

Usiku wa tarehe 19 Julai 2009, Anthony Wesley, mpenzi wa elimu ya nyota nchini Australia, alikuwa nyumbani kwake Murrumbateman, karibu na Canberra, akiirekodi sayari ya Mshtarii kwa darubini yenye kioo cha kipenyo cha sentimita 37. Hewa ilikuwa inasumbua na alikaribia kufunga kazi, lakini akaamua apumzike kidogo kwanza. Aliporudi, akaona karibu na ncha ya kusini ya sayari doa jeusi ambalo siku mbili kabla halikuwepo. Je, lilikuwa doa la kweli, au lilizaliwa ndani ya kompyuta? Ili kuelewa uzito wa swali hilo, ni lazima tuone picha ya sayari inavyotengenezwa.

Ukitazama kokoto chini ya maji yanayotiririka, unaliona likicheza na kubadilika umbo, kisha kwa kitambo kidogo maji yanatulia nalo linaonekana wazi. Anga letu ni maji hayo. Hewa ya moto na ya baridi huchanganyika juu yetu, na kila kipande huupinda mwanga kwa namna yake. Kamera ikiachwa wazi kwa sekunde nzima, misukosuko yote hujumlishwa na Mshtarii hugeuka kuwa duara la ukungu. Ikifunguka kwa milisekunde chache tu, kila fremu hukamata hali moja ya hewa. Fremu nyingi huwa zimepotoka, lakini chache huangukia kwenye utulivu. Ndiyo maana njia hii huitwa upigaji picha wa bahati.

Bahati hiyo ina hesabu yake. Mwaka 1978 Mmarekani David Fried alikokotoa uwezekano wa kupata fremu safi. Jibu hutegemea kipenyo cha darubini kikilinganishwa na upana wa kipande cha hewa ambacho mwanga unaweza kukipita bila kupotoka sana. Tuseme usiku wa leo kipande hicho kina upana wa sentimita 4. Kwa darubini ya sentimita 20, iliyo kubwa mara tano ya kipande hicho, takriban fremu 11 katika kila 100 zitakuwa safi. Kwa darubini ya sentimita 40, chini ya hewa ileile, utapata fremu moja tu katika milioni. Kwa hiyo kwenye hewa mbovu kioo kikubwa hakikuokoi, kwa sababu kinalazimika kusubiri hewa itulie juu ya eneo pana zaidi kwa wakati mmoja.

Tuchukue darubini hiyo ya sentimita 20. Tunaiongezea lenzi ya kukuza mpaka umbali wa fokasi ufike milimita 4,000, kisha tunaifungia kamera ya video yenye pikseli za mikromita 3.75. Mshtarii akiwa karibu nasi, duara lake litachukua takriban pikseli 230. Kila fremu tunaipa milisekunde 8, na tunarekodi fremu 100 kwa sekunde. Hatuwezi kurekodi usiku kucha, kwa kuwa Mshtarii hujizungusha mara moja kwa muda usiofika saa 10. Ndani ya dakika mbili alama zilizo katikati ya duara husogea kama pikseli mbili na nusu, na huo ndio mpaka ambapo darubini hii bado haionyeshi mwendo huo kama ukungu. Basi tunasimama kwenye dakika mbili, tukiwa na fremu 12,000.

Sasa kazi ya kupepeta inaanza. Programu kama AutoStakkert! huipa kila fremu alama kwa kupima jinsi mwanga unavyobadilika ghafla kati ya pikseli na jirani yake, kisha huzipanga kuanzia bora hadi mbovu. Hapa kuna mtego: chengachenga za kamera nazo ni mabadiliko ya ghafla, na fremu yenye chengachenga nyingi inaweza kudhaniwa kuwa kali. Kwa sababu hiyo programu huilainisha fremu kidogo kabla ya kuipima, na mpangilio wa `Noise Robust` unapaswa kupandishwa video inapokuwa na mwanga hafifu.

Tubakize ngapi? Fremu zikijumlishwa, chengachenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi yake. Fremu 120 zitazipunguza mara 11 tu. Fremu 6,000 zitazipunguza mara 77, lakini tumeshaingiza fremu nyingi za ukungu. Fremu 1,200, yaani asilimia 10, huzipunguza mara 35, nazo zinakaribiana na idadi ambayo hesabu ya Fried inatuahidi. Kwenye grafu ya ubora, tunakata pale mstari unapoanza kuporomoka. Tena, hewa haipindi duara zima kwa namna moja, kwa hiyo programu huligawa katika vipande vidogo, ikapanga kila kipande mahali pake kabla ya kujumlisha.

Picha inayotoka hapo huwakatisha tamaa wageni, maana ni laini na imefifia. Lakini habari zimo ndani, na viwimbi ndivyo vinavyozitoa. Fikiria chekeche kadhaa zenye matundu tofauti. Programu kama RegiStax huilainisha picha kidogo, kisha huitoa picha laini katika ile ya mwanzo. Kinachobaki ni mambo madogo kabisa, ya ukubwa wa pikseli moja hivi. Hilo ni tabaka la kwanza. Hulainisha tena kwa upana maradufu na kupata tabaka la pili, na kuendelea hivyo. Kila tabaka lina kitelezi chake; ukikipandisha, tabaka linaongezewa nguvu, kisha yote hujumlishwa upya.

Tabaka la kwanza limejaa chengachenga, kwa kuwa darubini yetu haiwezi kuona jambo lenye upana wa pikseli moja. Tunaliacha chini. Mikanda na mawingu ya Mshtarii yamo zaidi katika tabaka la pili na la tatu, na hapo ndipo tunaposukuma. Viwimbi haviongezi habari yoyote. Hupandisha sauti ya kilichokusanywa, kiwe mawingu au chengachenga. Uso ukianza kuonekana kama mchanga, tumesukuma kupita idadi ya fremu zetu. Na ukizuka mstari mwembamba unaofuata ukingo wa duara, huo si wingu: ni mwangwi wa ukingo wenyewe, unaoonekana sana kwenye picha za Mirihi.

Kipimo cha kuaminika ni video ya pili, iliyochakatwa peke yake kwa mipangilio ileile. Alama ya kweli hurudi tena, ikiwa imesogea pamoja na mzunguko wa sayari. Mwangwi hubaki palepale kwenye ukingo, nazo chengachenga hazirudii umbo lake.

Doa la Wesley lilifaulu mtihani huo. Lilisafiri na sayari, na lilikuwa jeusi katika kila rangi aliyoirekodi. Akawapa taarifa wanasayansi, nao wakageuza darubini ya infraredi ya NASA iliyoko Mauna Kea, Hawaii. Walikuta kovu: kitu kutoka angani kilikuwa kimemgonga Mshtarii, miaka 15 baada ya kometi ya Shoemaker-Levy 9 kumgonga vilevile.

Tarehe 3 Juni 2010 Wesley aliona kitu kingine, mmweko wa sekunde mbili hivi juu ya Mshtarii. Huko Ufilipino, Christopher Go alipekua video yake ya muda uleule na kuukuta humo. Katika picha iliyojumlishwa kwa maelfu ya fremu, mmweko kama huo ungezama usionekane. Kabla ya kufuta zile fremu 10,800 tulizozikataa, inafaa tuitazame video yote, mwanzo hadi mwisho.