Nauli ya Daraja la Kwanza Hupangiwa Daraja la Kawaida

Shirika la reli linalouza tiketi za madaraja mawili hukabiliwa na tatizo moja la msingi: linajua kuwa miongoni mwa abiria wamo walio tayari kulipa nauli kubwa kwa ajili ya starehe, lakini haliwezi kuwatambua dirishani, wala hakuna abiria atakayekiri kuwa anamudu zaidi ikiwa kukiri huko kutamwongezea nauli. Njia iliyobaki ni kuweka huduma mbili zenye ubora tofauti na kumwacha kila abiria ajichuje mwenyewe kwa kuchagua. Wanauchumi huuita utaratibu huu uchujaji wa wanunuzi, na kufaulu kwake hutegemea masharti mawili. Sharti la kushiriki hudai kwamba abiria wa kipato kidogo aone safari inastahili nauli anayotozwa. Sharti la kutohama hudai kwamba abiria mwenye uwezo asipate nafuu kubwa zaidi kwa kushuka daraja.

Mfano wa kubuni unatosha kuonyesha jinsi masharti hayo yanavyofungamana. Treni ina abiria 400 wa kawaida, ambao kila mmoja huithamini safari ya daraja la kawaida kwa shilingi 1,500, na wafanyabiashara 100, ambao huithamini safari hiyo hiyo kwa shilingi 2,500 na ile ya daraja la kwanza kwa shilingi 5,000. Ili hesabu iwe nyepesi, gharama ya kumbeba abiria mmoja zaidi ichukuliwe kuwa ni ndogo na sawa katika madaraja yote mawili. Daraja la kawaida likiuzwa kwa shilingi 1,500, mfanyabiashara akiketi humo atabaki na nafuu ya shilingi 1,000, yaani tofauti kati ya thamani anayoipata na fedha anazotoa. Kwa sababu hiyo, ingawa anaithamini huduma ya juu kwa shilingi 5,000, hatailipia zaidi ya shilingi 4,000. Shirika likidai 4,500, nafuu yake katika daraja la kwanza itakuwa 500 tu, naye atahama. Mapato yatakayokuwa shilingi 1,000,000 kwa nauli ya 4,000 yatashuka hadi 750,000, kwa kuwa abiria wote 500 watalipa 1,500. Dalili ya kosa hili huonekana mapema: mabehewa ya daraja la kwanza hubaki matupu huku tiketi za daraja la kawaida zikigombaniwa.

Hapo ndipo kishawishi cha kuharibu huduma ya chini huzaliwa. Viti vya daraja la kawaida vikibanwa hadi abiria wa kawaida aithamini safari kwa shilingi 1,400 na mfanyabiashara kwa 1,900, nafuu ya kushuka daraja hupungua hadi 500, na nauli ya juu inaweza kupanda hadi 4,500. Shirika hupoteza shilingi 40,000 chini na kupata 50,000 juu. Wafanyabiashara wangekuwa 70, faida ya juu ingekuwa 35,000 tu, na ubanaji huo ungeleta hasara. Mhandisi Mfaransa Jules Dupuit aliueleza mwenendo huu mwaka 1849, alipoonyesha kwamba mabehewa ya daraja la tatu yaliachwa bila paa si kwa sababu paa lilikuwa ghali, bali ili aliyemudu daraja la pili asishawishike kushuka. Anayeumia ni maskini, ingawa aliyekusudiwa kutishwa ni mwingine.

Jambo jingine linalosahauliwa ni kwamba abiria hulinganisha pengo la nauli kwa shilingi, si kwa asilimia. Nauli za treni ya Madaraka Express kati ya Nairobi na Mombasa zilipopandishwa Januari 2024, daraja la kawaida lilitoka shilingi 1,000 hadi 1,500 na la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500. Ongezeko lilikuwa asilimia 50 kwa yote mawili, lakini pengo lilipanuka kutoka 2,000 hadi 3,000, ilhali madaraja yote mawili husafiri katika treni moja na kufika saa ile ile. Kwa hiyo starehe peke yake ndiyo inayopaswa kuthaminiwa kwa shilingi 3,000 na kila anayebaki juu.

Ubanaji wa daraja la chini una mpaka wake pale penye basi linalokwenda njia hiyo hiyo, kwa sababu abiria aliyebanwa kupita kiasi hashuki daraja, bali huacha reli kabisa. Pasipo na ushindani huo, mdhibiti wa nauli anayekagua bei peke yake hukagua nusu ya jambo, maana nauli inaweza kusimama palepale huku nafasi ya miguu ikipunguzwa. Kiwango cha chini cha huduma kinastahili kuandikwa pamoja na kiwango cha juu cha nauli, ili gharama ya kuwachuja wenye uwezo isibebwe na wasio nao.